Kwa Nini Ukuta Una Moto Saa Mbili Usiku

Mwezi wa Februari, Dar es Salaam, saa mbili usiku. Jua limezama zamani, chakula kimeshaliwa, lakini ndani hakukaliki. Watu wametandika mkeka barazani, watoto wamelala chali kwenye sakafu ya saruji, na feni iliyobaki chumbani inazungusha hewa ileile ya moto. Ukitaka kumjua mchawi wa nyumba hiyo, weka kiganja kwenye ukuta wa chumba unaotazama magharibi. Utaukuta na joto kama la chungu kilichoipuliwa muda si mrefu. Kisha panda juu ya kiti uinue mkono karibu na dari, bila kuligusa. Hapo pia utahisi joto likikushukia usoni na kiganjani, ingawa hakuna moto wala taa.

Joto hilo ni la mchana. Tofali la saruji la inchi sita, lile linalotumika karibu kila mahali mjini, huchukua kama saa nne hivi kupitisha joto kutoka upande wa nje hadi wa ndani. Ukuta unaopigwa na jua saa kumi alasiri hutoa chumbani sehemu kubwa ya moto wake saa mbili usiku, wakati ambao watu wanajiandaa kulala. Nyumba imelihifadhi jua na sasa inalirudisha.

Sehemu zenye joto kavu, ukuta mzito ni rafiki. Tembe za Wagogo kule Dodoma, zenye kuta nene za udongo na udongo juu ya paa, zinafanya kazi vizuri kwa sababu usiku wa Dodoma una baridi, na ukuta uliopata joto mchana hupoa kabisa kabla ya alfajiri. Pwani hakuna baridi hiyo. Februari, Dar es Salaam hufika kama nyuzi 32 mchana na kushuka hadi 25 hivi usiku. Tofauti ya nyuzi saba haitoshi kupoza ukuta uliochomwa na jua kutwa nzima. Juu ya hayo kuna unyevu hewani. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi, na hewa iliyojaa maji hailikaushi jasho upesi. Ndiyo maana linatiririka.

Kwa hiyo nyumba ya pwani isiyo na kiyoyozi haiwezi kuwa na hewa yenye ubaridi wa kutajika kuliko hewa ya kivulini nje. Inachoweza kufanya ni mambo mawili: isiongeze joto juu ya lile lililopo, na ipitishe upepo juu ya ngozi ya mtu aliyemo. Si madogo. Nyumba nyingi zinazojengwa leo zinashindwa yote mawili, na kushindwa huko huanzia juu.

Karibu na ikweta, jua la adhuhuri halipigi ukuta, linapiga paa. Dar es Salaam jua huwa utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, na miezi inayobaki haliendi mbali sana na hapo. Siku isiyo na mawingu, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea karibu wati 900 hadi 1,000 adhuhuri.

Tuchukue nyumba ya kawaida yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, yaani mita 80 za mraba. Paa lake hupokea kilowati zipatazo 72. Bati la rangi ya kahawia, kijani kibichi au nyekundu iliyokoza humeza kama robo tatu ya nguvu hiyo. Bati jeupe lililo safi humeza robo tu, mengine hulirudishia anga. Tofauti kati ya mapaa hayo mawili ni kilowati 36, sawa na pasi za umeme 36 zilizowashwa kwa pamoja juu ya vichwa vya wenye nyumba. Si kwamba joto lote hilo linashuka vyumbani. Sehemu kubwa huchukuliwa na upepo unaopita juu ya bati. Lakini bati lenyewe linasema kisa chote: lile la rangi iliyokoza hufika nyuzi 60 na zaidi, wakati jeupe huwa juu ya hewa kwa nyuzi kumi hivi tu.

Hapa watu wengi huuliza kuhusu bati lisilopakwa rangi, lile linalong'aa. Mbona nalo linarudisha mwanga hadi linaumiza macho? Ni kweli linarudisha, tena vizuri likiwa jipya. Ila lina kasoro moja isiyoonekana. Kitu kilichopata joto hupoa kwa njia mbili: upepo ukikipitia, na chenyewe kikirusha joto kuelekea angani. Rangi nyingi za kawaida hurusha joto kwa urahisi. Chuma kinachong'aa ni mchoyo. Joto kidogo kinalomeza hulikumbatia. Sufuria ya alumini iliyoanikwa juani inamfundisha kila mtu jambo hilo, kwani huunguza mkono ingawa inang'aa kama kioo. Rangi nyeupe inashinda kwa sababu inafanya yote mawili, inalikataa jua na kuliachia joto. Bati linalong'aa likishaota kutu, hata ile faida ya kwanza huondoka, na linakuwa karibu sawa na bati la kahawia.

Kupaka bati rangi nyeupe si kazi ngumu, ila inaharibika haraka ikifanywa vibaya. Chokaa ya kawaida, inayofaa sana juu ya paa la zege, haishiki kwenye bati. Mvua za masika mbili tatu zinaiosha yote. Bati jipya la mabati ya zinki nalo lina utelezi unaokataa rangi, kwa hiyo linasuguliwa na kuoshwa kwanza, kisha linapakwa rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma cha aina hiyo, ndipo juu yake zije koti mbili za rangi nyeupe ya nje ya maji. Bati la zamani hukwanguliwa kutu kwa brashi ya waya. Penye maji ya mvua yanayokingwa kwa kunywa, rangi isiwe na risasi, na mvua za kwanza baada ya kupaka ziachwe zimwagike.

Adui mkubwa baada ya hapo ni uchafu. Hewa ya pwani inaleta vumbi, moshi na ukungu mweusi unaoota juu ya rangi, hasa chini ya miembe na mikorosho. Paa jeupe lisiloguswa kwa miaka miwili au mitatu hupoteza sehemu ya uwezo wake. Kuliosha kwa ufagio na maji ya sabuni kila Novemba, kabla joto halijapanda, kunarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Anayetaka kujua kama paa lake bado linafanya kazi hahitaji kifaa: saa saba mchana ainue kiganja chini ya dari katika chumba kilicho kavu na chenye kivuli. Akihisi joto linashuka, rangi imechoka au joto limenaswa katikati ya bati na dari.

Na mara nyingi limenaswa kweli. Nafasi kati ya bati na dari huwa kama tanuri lililofungwa pande zote. Mafundi wengi hupigilia mbao za kuziba chini ya upenu ili popo na panya wasiingie, na nia hiyo ni njema, lakini hewa ya moto hubaki humo hadi usiku ikilipasha dari la jipsamu au la mbao nyembamba. Dawa ni kuacha mwanya mrefu wenye wavu wa chuma chini ya upenu, na mahali pa kutokea juu kabisa, karibu na kofia ya bati au kwenye ile pembetatu ya ukuta wa pembeni. Hewa moto hupanda yenyewe na kutoka. Hewa mpya huingia kwa chini.

Karatasi ya foili ikiwekwa chini ya mabati inasaidia kwa sababu ya ule uchoyo tuliousema: uso wake unaong'aa haurushi joto. Ila iwekwe uso wa kung'aa ukitazama chini, kwenye uwazi. Ukitazama juu, vumbi litaufunika baada ya muda na faida itakwisha bila mtu kujua.

Makuti yalifanya kazi zote hizi bila darasa. Ni mepesi, hayashiki joto, na hewa inapenya kati ya kuti na kuti. Lakini yanaoza, yanataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na yanashika moto. Hakuna sababu ya kumlaumu aliyeyaacha. Kosa ni kuyaacha bila kuweka mahali pake kitu kinachofanya kazi yao.

Baada ya paa linakuja upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Huu ndio unaopotea kwa kasi zaidi katika nyumba mpya. Mtindo wa siku hizi ni paa lililofichwa nyuma ya ukuta mfupi wa juu, nyumba ionekane kama sanduku. Kwenye picha inapendeza. Kwenye jua la Kigamboni au Kisauni, sanduku hilo halina kofia: kuta zake zinapigwa na jua kutwa, na mvua ikija na upepo madirisha hufungwa yote, ndani kukawa na fukuto wakati ambao nje kumepoa.

Upenu unahesabika kwa mita, na hesabu yake inasaidia kujua unafaa wapi na wapi haufai. Chukua nyumba ya Dar es Salaam yenye upenu wa sentimita 90. Desemba jua huegemea kusini kidogo, na adhuhuri kivuli cha upenu huo hushuka karibu mita tatu kwenye ukuta wa kusini. Yaani ukuta mzima umefunikwa. Juni jua huwa upande wa kaskazini, limeinama zaidi, na kivuli kwenye ukuta wa kaskazini hushuka kama mita moja na nusu, kiasi cha kulifunika dirisha la kawaida. Upenu wa sentimita 60 ungetoa mita moja tu, na nusu ya chini ya dirisha ingebaki juani. Hivyo sentimita 90 kwa kaskazini na kusini ni kipimo kizuri, na mita moja na ishirini ni bora zaidi kama kenchi zinaweza kubeba.

Geukia magharibi sasa. Saa kumi alasiri jua limeshuka, linaingia kwa ubavu. Upenu uleule wa sentimita 90 unatoa kivuli cha sentimita 65 hivi, na saa kumi na moja kinapungua hadi karibu 35. Ukuta wote uliobaki unachomwa. Hata ukiongeza upenu mara mbili hautatosha. Mashariki ni vivyo hivyo asubuhi, ingawa jua la saa mbili asubuhi humkuta mtu nyumba ikiwa bado imepoa, na ukuta unapata mchana kutwa wa kulitoa joto hilo kabla ya usingizi.

Kwa hiyo upande wa magharibi unahitaji mbinu nyingine kabisa. Pana baraza yenye paa na kina cha mita mbili au zaidi, pana mti, pana kuhamishia huko vyumba visivyolaliwa, kama stoo, bafu na ngazi, ili jua lichome ukuta wa stoo badala ya ukuta wa kitanda. Nyumba nzuri ya pwani inajulikana tangu kwenye mchoro: ndefu kuelekea mashariki na magharibi, pande zake fupi ndizo zinazolikabili jua la ubavuni, na madirisha makubwa yako kaskazini na kusini. Wenye viwanja vilivyopimwa kwa kukabili barabara hawana uhuru huo kila mara, lakini wengi wenye uhuru huo hawautumii kwa sababu mchoro ulinunuliwa tayari, na aliyeuchora hakujua kiwanja kinatazama wapi.

Jambo moja kuhusu upenu mrefu: upepo wa dhoruba huushika kwa chini na kuuinua. Unapozidi mita moja, kenchi zifungwe kwenye lenta kwa mikanda ya chuma, zisiachwe kukaa kwa misumari peke yake, na mabati ya ukingoni yapigiliwe kwa ukaribu zaidi kuliko ya katikati.

Sasa upepo. Watu wa pwani wanaujua kwa majina. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki katika miezi ya joto, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huja kutoka kusini na kusini mashariki katikati ya mwaka. Mchana bahari huleta upepo wake, na usiku wa manane kuelekea alfajiri hewa hutoka bara, ule ambao mabaharia huuita umande. Nyumba ndefu yenye madirisha kaskazini na kusini inazipokea pepo zote mbili kubwa kwa mshazari, na mshazari unatosha kabisa. Upepo hauhitaji kuligonga dirisha uso kwa uso ili uingie.

Unachohitaji ni njia ya kutokea. Hili ndilo linalosahaulika. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa ni kama chupa: hata ukipuliza mdomoni, hewa haiingii kwa kuwa iliyomo haina pa kwenda. Chumba cha pembeni kinapata madirisha kwenye kuta mbili na tatizo linaisha. Chumba cha katikati kina ukuta mmoja tu wa nje, na hapo hewa ni lazima ipite ndani ya nyumba.

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Ilala, ile ya vyumba sita, mitatu kila upande wa korido inayotoka mlango wa mbele hadi uani, ilikuwa na jibu lake. Kuta za ndani hazikufika kwenye bati, na juu ya vyumba vyote palikuwa na hewa moja inayotembea. Korido ilivuta upepo kutoka barabarani kwenda uani. Sauti nazo zilitembea, na kila mpangaji alijua cha mwenzake. Dari lilipowekwa, watu walipata faragha na wakapoteza hewa. Vyote viwili vinaweza kupatikana. Kidirisha chenye mabamba ya mbao juu ya mlango wa chumba, au safu mbili za matofali ya matundu juu ya lenta ya mlango, hupitisha hewa hadi koridoni huku mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Sauti hupenya kidogo, si kama zamani.

Kisha lipo suala la dirisha lenyewe. Dirisha la aluminiamu la kusukuma lenye upana wa mita moja na nusu na kimo cha mita moja na ishirini lina mita za mraba 1.8. Likifunguliwa lote, nusu ya kioo inabaki palepale, kwa hiyo zimebaki 0.9. Wavu wa mbu wenye matundu madogo huzuia karibu nusu ya upepo. Mwenye nyumba alilipia dirisha la mita 1.8 akapata tundu la hewa lisilozidi nusu mita. Dirisha la mabapa ya vioo vinavyoinama, lililokuwa kila mahali miaka ya nyuma, hufunguka karibu lote, na lile la bawaba vilevile. Wavu hauwezi kuachwa, malaria ipo. Basi kinachotakiwa ni dirisha kubwa zaidi linalofunguka lote, na wavu unaosuguliwa vumbi kila mwezi, kwa sababu wavu uliojaa vumbi ni kama ukuta.

Kimo nacho kina maana. Upepo unaopita kwenye usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama haumsaidii aliyelala. Mafundi huweka kizingiti cha dirisha la chumbani juu kwa hofu ya wezi, lakini wezi wanazuiwa na nondo, na nondo inafanya kazi kwa kimo chochote. Kizingiti kikishushwa hadi sentimita 60 au 70 kutoka sakafuni, hewa inapita juu ya kitanda. Upepo wa taratibu wa mita moja kwa sekunde, unaopeperusha ukurasa wa gazeti tu, humfanya mtu ahisi kama joto limepungua kwa nyuzi mbili hadi tatu, ingawa kipimajoto hakijasogea.

Kuhusu kuta, mjadala wa mtaani huwa ni udongo au saruji. Tofali la udongo lina sifa zake, lakini lililoachwa juani bila upenu litashika joto kama mwenzake wa saruji wa unene uleule, au karibu hivyo. Swali lenye faida zaidi ni hili: chumba hiki kinatumika saa ngapi?

Wajenzi wa kale wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walilijua swali hilo. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa nusu mita na zaidi, na vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Ukuta mnene kiasi hicho hulichelewesha joto kwa nusu siku au zaidi. Lakini kilichouokoa hasa ni kwamba jua haliufikii sana. Vichochoro ni vyembamba, nyumba ni ndefu, na kila nyumba inaitilia jirani yake kivuli. Ukuta mzito wenye kivuli hukaa karibu na wastani wa joto la siku nzima, na mchana wa jua kali sebule ya chini huwa na ubaridi wa kupendeza. Usiku mambo hugeuka, na ndipo nyumba nyingi za Lamu zikawa na banda la makuti juu ya dari, wazi pande zote, mahali pa kupunga upepo na kulala. Chini pazito kwa mchana, juu pepesi kwa usiku.

Wazo hilohilo lilirudi kwa njia nyingine katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, ambako wasanifu na watafiti wa malaria walijenga nyumba sita za mfano miaka ya 2010. Kuta zake hazikuwa nzito. Zilivikwa mianzi, mbao au wavu wa kivuli unaotumika mashambani, hewa ikipenya kote huku mbu wakizuiwa, na baadhi ziliinuliwa ghorofa moja ili watu walale juu, kwenye upepo. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2017 vilionyesha kwamba usiku ndani ya nyumba hizo palikuwa na ubaridi uliozidi wa nyumba za kawaida za kijiji kwa nyuzi mbili na zaidi, karibu sawa na hewa ya nje. Mbu walipungua pia, na kwenye zile za ghorofa walipungua zaidi. Baadaye nyumba 110 za ghorofa zenye msingi wa wazo hilo zilijengwa vijijini Mtwara.

Ukuta mwepesi una shida zake za kweli. Hauzuii kelele, haumtishi mwizi, na si kila mtu anayejivunia nyumba ya wavu baada ya kudunduliza miaka kumi. Mjini, jibu linalowezekana ni kubaki na tofali na kulinyima jua. Ukuta wa magharibi upakwe nyeupe, usiachwe kijivu cha saruji. Penye uwezo, sentimita kumi au zaidi mbele yake visimamishwe vipande vya mbao, fito, au wavu wa kivuli uliokazwa kwenye fremu, hewa ipande katikati. Ngao hiyo ndiyo itakayoungua, na upepo utaipoza. Mpasheni au mzabibu uliotambazwa kwenye nyaya unafanya kazi hiyo kwa gharama ya miche miwili na subira ya mwaka mmoja hivi.

Turudi kwenye ile nyumba ya mita 10 kwa 8 yenye bati la kahawia, iliyokwisha kujengwa na ambayo mwenye nyumba hana mpango wa kuibomoa. Cha kwanza, na cha bei nafuu kuliko vyote, ni kutoboa: matundu yenye wavu chini ya upenu na kwenye pembetatu za juu, na kidirisha juu ya kila mlango wa chumba. Fundi mmoja na msaidizi wake wanamaliza kwa siku chache. Cha pili ni rangi nyeupe juu ya bati, ikiwezekana kabla ya Desemba. Cha tatu ni kivuli cha ukuta wa magharibi. Madirisha yanakuja mwisho kwa kuwa ndiyo ghali, na yabadilishwe ya vyumba vya kulala kwanza. Kiyoyozi kikihitajika kwa ajili ya mgonjwa au mtoto mchanga, kitengewe chumba kimoja kinachofungika vizuri, kwa sababu chumba kinachopitisha upepo kitaumwaga ubaridi wote nje na bili ya umeme itapanda bure.

Kipimo cha kujua kama kazi imefanikiwa ni vipimajoto viwili vya bei rahisi, kimoja barazani penye kivuli, kingine juu ya meza ya kitanda mbali na feni. Visomwe saa tatu usiku, wiki moja kabla ya kazi na wiki moja baada ya kazi. Kama ndani kunazidi nje kwa nyuzi tatu au nne, bado kuna paa au ukuta unaotoa moto, na kiganja kitauonyesha ni upi. Tofauti ikishuka hadi nyuzi moja, nyumba imeshafanya sehemu yake, na joto lililobaki ni la Februari yenyewe. Hapo feni ya wati 60 juu ya chandarua inaweza kuimalizia kazi, kwa sababu sasa hewa inayozungushwa si ile ya tanuri.